Probox ya Wote: Shilingi 550 Zinakuonyesha Nini

Ukienda kununua Probox ya mtumba Wote au Kitui mjini, karatasi ya kwanza utakayoonyeshwa ni logibuku. Isome, lakini usilipe kwa sababu yake. Logibuku hueleza gari lilivyokuwa siku ilipotolewa. Rekodi ya NTSA, ambayo utaitafuta mwenyewe kwenye eCitizen kwa namba ya usajili, ndiyo inayoeleza lilivyo leo. Ada yake imekuwa shilingi 550. Usikubali nakala iliyopigwa picha kwenye simu ya dalali, hata kama ni ya wiki jana.

Tuchukue mfano wa Probox inayouzwa shilingi 600,000. Rekodi inasema iliundwa 2012, ikasajiliwa Kenya 2019, chesisi ya NCP51, injini inayoanza na 1NZ. Mmiliki ni mwanamke fulani pamoja na benki. Anayeuza ni kijana wa Emali anayedai aliinunua kwake miaka miwili iliyopita.

Miaka inapatana. KEBS huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo lililoingia 2019 lilipaswa kuwa la 2012 au baadaye. Kama rekodi ingesema 2009, ungeuliza liliingiaje. Huenda kuna aliyecheza na tarehe. Hapo namba ya hati ya forodha ndiyo ya kufuatilia, na ikikosekana kwenye gari la juzi kama hili ni jambo zito. Kwenye gari kuukuu la namba za KA, pengo kama hilo mara nyingi ni la karatasi za zamani ambazo hazikuingizwa zote kwenye kompyuta.

Jina ndilo tatizo. Kwa Sheria ya Trafiki, aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na uhamisho huanzishwa na yeye mwenyewe kwenye akaunti yake. Kijana wa Emali hawezi kukuhamishia kitu ambacho hakijawahi kuwa chake kwenye rekodi. Huenda alinunua kweli akakwepa gharama ya uhamisho, jambo la kawaida sana huku kwetu. Lakini kama yule mama ameshafariki, utajikuta kwenye kesi ya mirathi, ukianza na barua ya chifu. Na jina la benki likiwa bado lipo, ama mkopo haujaisha, ama uliisha na hakuna aliyeshughulika kuliondoa. Benki yenyewe ndiyo ijibu, kwa barua.

Hata rekodi isiyo na jina la benki haimaanishi gari halina deni. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake kwenye daftari jingine kabisa, chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Huko nako tafuta, kwa kitambulisho cha mmiliki na kwa namba ya chesisi.

Sasa fungua boneti. NCP51 hutoka kiwandani na injini ya 1NZ, ya lita 1.5. Kwenye chuma cha injini ya gari letu pameandikwa 2NZ, ile ya lita 1.3. Basi injini ilibadilishwa na NTSA haikuambiwa. Si lazima iwe ya wizi, kwani injini za mtumba zinauzwa wazi, lakini bila risiti na ukaguzi wa mabadiliko hayo, swali litakuwa lako siku polisi au kampuni ya bima watakapolinganisha namba. Chesisi yenyewe ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa upya, ondoka. Hakuna punguzo la bei linalofaa hapo.

Kilomita na ajali usizitafute kwenye rekodi ya NTSA, kwa kuwa hazimo. Mita inasoma 96,000. Omba cheti cha kuondolea gari Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Kikisema 171,000, mita ilirudishwa nyuma baadaye. Karatasi ya mnada wa Japani, ikipatikana, huweka alama ya R au RA kwa gari lililogongwa likatengenezwa. Zote mbili huishia bandarini, na miaka ya barabara za Mutomo ni fundi wako tu atakayeisoma, kwa kulala chini ya gari.

Kwa gari hili, mimi ningemwambia kijana amlete yule mama na barua ya benki, wahamishe kwanza mpaka kwake, na injini iandikishwe. Akikubali, malipo yakae kwa wakili hadi utafutaji mwingine wa 550 uonyeshe jina langu. Akisema ana mteja mwingine anayesubiri na pesa taslimu, amuuzie huyo.