Mzee Anayesahau na Wosia Wake: Daktari Anaamuaje?

Mwaka 1863, Mwingereza aliyeitwa John Banks aliandika wosia. Alikuwa amewahi kuwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na miaka yote iliyofuata aliamini kwamba mashetani wanamwandama. Aliamini pia kwamba Featherstone Alexander, mtu aliyekwisha kufa, bado anamfuata kumtesa. Nyumba zake 15 alimwachia mpwa wake, msichana aliyekuwa akiishi naye. Baada ya kifo chake kesi ikafunguliwa: mtu anayeongozana na mashetani atagawaje mali?

Mwaka 1870 majaji walisema wosia ni halali. Banks alikuwa mgonjwa kweli, lakini mashetani wake hawakuwa na lolote dhidi ya mpwa wake, wala hawakumshika mkono alipoamua nani apate nyumba. Katika hukumu hiyo Jaji Mkuu Cockburn aliweka vigezo ambavyo mahakama za Kenya zinavitumia hadi leo. Anayeandika wosia aelewe anachofanya na matokeo yake. Ajue ana mali gani, kwa ujumla wake. Awakumbuke na kuwapima moyoni wale wenye haki ya kutazamiwa. Na la mwisho, lenye utata kuliko yote, pasiwe na ugonjwa wa akili uliotia sumu hisia zake kiasi cha kumfanya agawe mali kwa namna ambayo asingeigawa angekuwa mzima.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inaanzia upande wa mwandishi wa wosia. Kifungu cha 5 kinamhesabu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe kwamba wakati wa kuandika hakuwa akijua anachofanya, na mzigo wa kuthibitisha unabebwa na anayepinga. Kwa hiyo kuwa na miaka 80, au kuwa na cheti cha hospitali kinachosema una dimensia, hakukuondolei haki ya kuandika wosia. Ndiyo maana mawakili waangalifu humwita daktari mapema, mzee angali hai na anaweza kuulizwa mwenyewe. Kumpima marehemu kwa kutumia faili la wodi, ambamo muuguzi aliandika tu kwamba mgonjwa amechangamka leo, ni kazi ya kubahatisha.

Ripoti ya namna hiyo huandikwaje? Tuchukue mfano, uliotungwa kwa makala haya ila umejengwa kwa mambo ambayo madaktari wa fani hii hukutana nayo mara kwa mara. Mzee wa miaka 78, mfanyakazi mstaafu wa reli, mjane, anaishi Voi. Ana ploti yenye nyumba za kupanga, shamba la milimani Taita, hisa katika chama cha akiba na mikopo, na fedha kidogo benki. Watoto walio hai ni watatu: binti mkubwa anayemtunza, mwana aliye Mombasa, na binti mdogo aliye Nairobi. Mwana mwingine alifariki na kuacha watoto watatu. Wosia wa 2014 uliwagawia wote karibu sawa. Sasa mzee anataka mpya ambao binti mkubwa hapati chochote, na mwana wa Mombasa anapata kidogo tu. Wakili anajua kwamba mwaka uliopita kliniki ilimwambia mzee ana dalili za awali za Alzheima. Anamwandikia daktari wa magonjwa ya akili, akiambatisha orodha ya mali, wosia wa zamani na rasimu ya wosia mpya.

Orodha hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Daktari asiyejua mali halisi ya mzee hawezi kutambua jibu la kweli na la kubuni. Atabaki kuandika kwamba mzee alijibu kwa ufasaha. Wazee wengi wenye dimensia ya awali wana ufasaha huo hasa. Heshima, utani na maneno ya adabu hubaki imara muda mrefu baada ya kumbukumbu ya jana kupotea.

Siku ya kwanza daktari anawaomba watoto wakae nje. Mzee anavaa miwani na kifaa chake cha kusikia, na maswali yanaulizwa asubuhi, kwa Kiswahili na Kitaita, kupitia mkalimani asiye wa ukoo. Katika jaribio la MoCA, lenye alama 30, anapata 18. Wengine wangefunga faili hapo. Daktari huyu anafungua mfuko wa dawa na kukuta amitriptilini, aliyoandikiwa kwa maumivu ya miguu. Ni dawa inayojulikana kwa kuvuruga kumbukumbu za wazee. Anaandikiana na daktari aliyeitoa ili ipunguzwe hatua kwa hatua hadi iachwe, na anaagiza vipimo vya mkojo, sukari, chumvi za damu na tezi ya koo, maana maambukizi ya kawaida tu yanaweza kumchanganya mzee kwa siku kadhaa. Baada ya wiki sita mzee anapata 21.

Alama hizo zinaingia kwenye ripoti, lakini si hukumu. Jaribio linauliza tarehe, linaomba mchoro wa saa, linatoa maneno matano ya kukumbuka baada ya dakika chache. Halimuulizi mtu ana watoto wangapi wala kwa nini anamnyima mmoja. Mwenye 17 anaweza kuandika wosia rahisi wa kumwachia mkewe kila kitu, na mwenye 25 anaweza kushindwa kabisa. Hesabu hizo zinaonyesha tu kwamba ugonjwa upo na ni wa hatua ya awali. Kazi yenyewe inafuata.

Kigezo cha kwanza kinapita bila taabu. Mzee anasema wosia ni maneno yatakayofuatwa akishakufa, na kwamba anaweza kuyabadilisha akiwa hai. Kwenye mali, anaitaja ploti na shamba, na anakadiria kwamba benki kuna “kama laki tano”. Taarifa ya benki inaonyesha 430,000. Hisa anazisahau siku ya kwanza, lakini siku ya pili anapoulizwa kama aliwahi kuweka akiba kazini, anazitaja mwenyewe na kusema ni za tangu enzi za reli. Daktari anaandika kwamba ametimiza, na anaeleza kwa nini: sheria haidai mtu ajue mali yake kwa senti, na kukumbushwa kwa swali la jumla si kosa, mradi jibu limetoka kwake. Kwa wajukuu ni hivyohivyo. Wawili anawataja mara moja, wa tatu baada ya kufikiri, kisha anaeleza ni nani anayesoma na nani ameolewa.

Ndipo wanafika kwenye sababu. Kuhusu mwana wa Mombasa, mzee hana maneno mengi: “Huyo nilimuuzia kipande cha shamba akafungue duka. Alishakula fungu lake.” Wakili ana nakala ya mauzo hayo, ya 2009. Unaweza kumwona baba huyu mkali, na huenda mwana ana malalamiko ya haki, lakini ukali si ugonjwa. Sababu ina mizizi katika jambo lililotokea, na mzee anaisimulia vilevile katika ziara zote mbili.

Kuhusu binti mkubwa, sauti inabadilika.

“Ameiba hatimiliki, daktari. Anakuja usiku anachukua pesa.”

Hatimiliki iko kwenye kabati la chuma la wakili tangu 2016, na mzee ndiye aliyeipeleka. Daktari anamwonyesha nakala yenye muhuri. Mzee anaitazama, anaigeuza, anasema ni bandia, binti ameibadilisha. Daktari anauliza kama inawezekana amesahau tu alikoiweka. Haiwezekani. Nusu saa baadaye, wakizungumzia mambo mengine, anairudia ileile. Siku ya pili anaongeza kwamba binti ana ufunguo wa benki.

Hapa daktari anatenganisha mambo mawili ambayo familia nyingi huyachanganya. Kusahau ulikoweka karatasi ni pengo la kumbukumbu, na mwenye pengo akionyeshwa karatasi hucheka na kushukuru. Mzee huyu analiziba pengo kwa mwizi, na ushahidi haumng'oi. Dhana ya kuibiwa ni miongoni mwa dhana potofu zinazowapata sana watu wenye Alzheima, na mara nyingi anayetuhumiwa ni yule aliye karibu zaidi, kwa kuwa ndiye anayeonekana akishika vitu.

Daktari hatosheki na maneno ya mzee. Anamuuliza binti mdogo na jirani, kila mmoja peke yake, tuhuma zilianza lini. Wote wanasema ni ndani ya miezi 14 iliyopita, baada ya mzee kuanza kupotea njia akirudi sokoni. Kabla ya hapo alikuwa akimsifia binti mkubwa, na wosia wa 2014 unaafikiana na hilo. Hakuna ugomvi wa zamani unaoweza kueleza mabadiliko haya.

Hitimisho linaandikwa kwa mpangilio ambao msomaji asiye daktari anaweza kuufuata na kuupinga akitaka. Vigezo vitatu vya kwanza vimetimizwa. Cha nne hakijatimizwa: mzee anaamini jambo lisilo la kweli, imani hiyo inatokana na ugonjwa, na ndiyo sababu pekee aliyoitoa ya kumwondoa binti ambaye asingemwondoa angekuwa mzima. Kwa uzani wa uwezekano, hana uwezo wa kuandika wosia huu kwa sasa. Banks alipita kwa sababu dhana zake hazikugusa mgawo. Za mzee huyu zimeugusa palepale.

Sehemu ninayoiona bora katika ripoti ya aina hii ni ile inayotaja mipaka yake. Daktari anaandika kwamba yeye si mpelelezi. Likithibitishwa kwamba kweli binti alikuwa akichukua fedha, sehemu ya hoja yake itadhoofika na ataipima upya, na ukweli wa jambo hilo ni wa mahakama kuamua. Anaandika pia kwamba binti mdogo ndiye aliyempeleka mzee kwa wakili na ndiye atakayenufaika zaidi na rasimu mpya. Shinikizo ni hoja nyingine, kifungu cha 7 cha sheria ileile, kwa hiyo analitaja bila kulitolea uamuzi. Hata hivyo ushahidi alioupokea kwa binti huyo anaupa uzito maalumu, kwa sababu ulimtetea dada yake na kuharibu faida yake mwenyewe.

Wakili anaposoma, anaiweka rasimu kando. Wosia wa 2014 unaendelea kusimama, maana haujafutwa na wosia mwingine ulio halali. Daktari anapendekeza matibabu ya dhana hiyo na kumpima tena baada ya miezi mitatu. Maswali ya mali na ya wajukuu yatarudiwa kwa ufupi. Muda mwingi utaenda kwenye swali moja: akimfikiria binti yake mkubwa, bila kutajiwa hatimiliki, mzee atasema nini?