Watu Watatu, Sauti 624

Mwaka 1957 ndugu wawili wa Kimarekani, Don na Phil Everly, walitoa wimbo uitwao Bye Bye Love. Don aliimba chini, Phil akaimba juu yake kwa karibu sana. Aliyezoea kwaya ya kanisani atauelewa mpango huo upesi: Don akiwa kwenye do, Phil yuko kwenye mi, Don akipanda re, Phil anapanda fa. Sauti mbili zinatembea sambamba, bega kwa bega, na yoyote kati yake ukiisikiliza peke yake bado ni wimbo kamili.

Uimbaji wa aina hii haufichi kosa hata dogo. Watu wawili wakiimba nota moja, mmoja kwa mitetemo 220 kwa sekunde na mwenzake 222, msikilizaji husikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kila sekunde, kama taa inayopepesuka. Kwenye do na mi hali hiyo hutokea pia, ila imejificha ndani zaidi, na sikio huihisi kama ukakasi. Irabu nazo zina kazi. Mmoja akiitamka “a” kwa mdomo mpana na mwingine kwa mdomo mwembamba, nota zaweza kuwa sahihi kabisa na sauti zisishikamane. Ndugu wa Everly walikulia nyumba moja, wakaimba tangu utotoni katika kipindi cha redio cha wazazi wao huko Iowa, na lafudhi yao ilikuwa moja. Ndiyo maana walivuta pumzi pamoja na kumaliza neno pamoja.

Vijana wa Liverpool waliwasikiliza kwa makini. Katika Please Please Me ya The Beatles, Paul McCartney anashikilia nota moja ya juu huku John Lennon akishuka ngazi chini yake, mbinu waliyojifunza kwa ndugu hao. Walipofika kurekodi If I Fell mwaka 1964, waliimba wawili mbele ya maikrofoni moja. Hapo fundi mitambo hana la kurekebisha baadaye: aliyezidi amezidi, aliyepotea amepotea.

Kisha studio ikabadili kanuni.

Mwaka 1969, kwa wimbo wao Because, Lennon, McCartney na George Harrison waliimba sehemu tatu tofauti pamoja. Wakarudi wakaziimba tena juu ya rekodi ya kwanza, kisha mara ya tatu. Watu watatu wakawa sauti tisa. Toleo la sauti tupu, bila ala, lilitolewa mwaka 1996 katika Anthology 3, na humo mtu husikia wazi kwamba nafasi ya watu watatu imejaa kuliko ilivyotarajiwa.

Kwa nini waimbe upya, badala ya kunakili rekodi ile ile mara tatu? Kwa sababu nakala mbili zilizo sawasawa zikichezwa pamoja hazileti mtu wa pili. Zinaongeza ukubwa wa sauti ya mtu yule yule. Nakala moja ikichelewa kidogo, sauti hugeuka kuwa kama inatoka ndani ya bomba. Sikio huamini kuna umati pale tu panapokuwa na tofauti ndogo zisizotulia: huyu kachelewa punje, yule kapanda nywele moja, wa tatu pumzi yake imepungua. Lennon, aliyechoka kuimba kila kitu mara mbili, alipata nafuu mwaka 1966 pale Ken Townsend, fundi wa studio za Abbey Road, alipobuni njia ya kuzalisha sauti ya pili kwa mashine. Hata yeye ilimbidi aifanye kasi ya kanda iyumbeyumbe. Lile kosa ambalo lingewaharibia ndugu wa Everly ndilo linalojenga kwaya ya studio.

Hakuna waliolifuata jambo hili mbali kama kundi la 10cc, katika studio ya Strawberry mjini Stockport, Uingereza. Wimbo wao I'm Not in Love walikuwa wameujaribu kwa mdundo wa bossa nova na kuutupa. Kevin Godley akapendekeza uundwe kwa sauti za watu badala ya ala. Watu wenyewe walikuwa wanne tu, na mmoja, Eric Stewart, alihitajika kwenye mitambo.

Basi Godley, Lol Creme na Graham Gouldman wakasimama na kuimba “aa” ndefu kwenye nota moja. Wakairudia nota hiyo hiyo mara 16, ikapatikana kwaya ya sauti 48. Stewart akazichanganya kuwa rekodi moja. Wakahamia nota iliyofuata, nusu hatua juu, wakaanza upya. Nota zilikuwa 13, za oktava nzima pamoja na zile nusunusu. Ukizidisha unapata sauti 624, na kazi hiyo iliwachukua karibu wiki tatu.

Pumzi ya mtu huisha, lakini kwaya hii haikutakiwa kuishiwa. Stewart alikata kipande cha kanda cha kila nota, chenye urefu wa zaidi ya mita tatu, akaunganisha ncha zake kikawa pete inayozunguka bila mwisho. Pete hiyo haikuenea kwenye mashine, kwa hiyo ilivutwa nje na kupitishwa kwenye kigurudumu kilichofungwa juu ya stendi ya maikrofoni. Urefu ulikuwa wa lazima, kwani pete fupi ingerudia dosari yake haraka na sikio lingeigundua.

Mwishowe kila nota ilikaa kwenye njia yake katika mashine ya kurekodia, na kila njia ilikuwa na kidhibiti chake cha kusukuma juu na chini. Meza ya kuchanganyia sauti ikawa kinanda. Wanne wote waliishika, wakipandisha nota zinazohitajika katika kila kodi na kushusha zilizobaki. Stewart alibandika utepe wa gundi sehemu ya chini ya vidhibiti ili kisishuke hata kimoja hadi kimya. Nota zote 13 zinasikika kwa mbali wimbo mzima, na ule ukungu unaouzunguka wimbo huo umetoka hapo.

“Aa” ina faida moja kubwa: haina konsonanti. Watu 48 wakiimba “s” bila kupatana, husikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, na “t” zao huwa kama mbegu zinazodondoka. Ndiyo maana katika kwaya nyingi za studio anaachiwa mmoja aitamke “s” na wengine wairuke.

Queen hawakuikwepa hatari hiyo. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, alijaza Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 maneno makali yenye kukatika ghafla, na kila silabi ilibidi itue mahali pake. Sauti zilikuwa za watatu: Mercury, Brian May na Roger Taylor, ambaye ndiye aliyefika juu kabisa. Badala ya kugawana sehemu tu, waliimba kila mstari wote watatu, hivyo kila nota ikabeba rangi ya makoo matatu. Kanda ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi hata ikachujuka, na walipoiinua kwenye mwanga waliona upande wa pili.

Kwaya hiyo haikuweza kusimama jukwaani. Katika maonyesho yao, sehemu ya opera ilipofika, wanne hao waliondoka, rekodi ikachezwa katikati ya taa, nao wakarejea pale gitaa la May lilipoingia kwa kishindo.