Kuacha kazi baada ya kusomeshwa na mwajiri: Kifungu cha marejesho kisomwe vipi?

Mwajiri anapomlipia mfanyakazi wake mafunzo, mara nyingi humtaka kwanza atie saini ahadi ya kubaki kazini kwa muda fulani, au arejeshe fedha akiondoka kabla ya muda huo. Katika mikataba ya kazi mjini Kigali ahadi hiyo huweza kuwa aya moja tu, tena iliyoandikwa kwa lugha ya kisheria ambayo mtiaji saini hakuizoea. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini ni nadra kuona mkataba wa namna hii ukiandikwa kwa lugha hiyo.

Ni vyema kuanza na jambo ambalo kifungu hicho hakiwezi kulifanya. Hakiwezi kumzuia mtu kuacha kazi. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inakataza kazi ya kulazimishwa. Mfanyakazi mwenye mkataba usio na ukomo anaweza kuondoka kwa kutoa notisi ya siku 15 zisizopungua akiwa hajatimiza mwaka kazini, au siku 30 akiwa ametimiza. Kinachobaki kati yake na mwajiri ni deni la fedha, na kazi yote ya kifungu ni kusema deni hilo ni la kiasi gani na linadaiwa lini. Notisi haifuti deni, wala deni halirefushi notisi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa fundi wa mitambo wa kampuni moja ya Kigali anayepelekwa Nairobi kwa mafunzo ya miezi mitatu. Ada ni faranga 1,800,000, nauli 180,000, malazi 420,000. Jumla ni faranga 2,400,000. Wakati wa mafunzo anaendelea kulipwa mshahara wake wa faranga 500,000 kwa mwezi. Baada ya kurudi anatakiwa kufanya kazi miezi 24, lakini baada ya miezi 15 anapata kazi kwingine.

Kifungu kibaya humwambia hivi: "Endapo mfanyakazi ataondoka kwa sababu yoyote ile kabla ya muda uliotajwa, atawajibika kurejesha mara moja gharama zote za mafunzo, ikiwa ni pamoja na mishahara na gharama nyinginezo." Kwa maneno hayo fundi wetu anadaiwa faranga 2,400,000 pamoja na mishahara ya miezi mitatu, 1,500,000. Jumla ni 3,900,000, na huenda "gharama nyinginezo" zikaongeza zaidi. Angeondoka mwezi wa 23, angedaiwa kiasi hicho hicho. Mwajiri amekwisha kufaidika na ujuzi wake kwa miezi 23, lakini hesabu haionyeshi hivyo.

Kifungu cha haki hugawa gharama kwa miezi. Faranga 2,400,000 kwa miezi 24 ni 100,000 kwa kila mwezi. Fundi ametumikia miezi 15, imebaki tisa, anadaiwa 900,000. Mtu yeyote anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu kabla hajaandika barua ya kujiuzulu, na huo ndio usomekaji wenyewe.

Suala la mishahara lina uzito wake. Fedha zilizolipwa kama ujira si gharama ya mafunzo kwa maana ile ile ya ada. Nchini Ufaransa, ambako vifungu hivi vimebishaniwa mahakamani kwa miongo mingi, mahakama ya kasasheni iliamua mwaka 2013 kwamba mfanyakazi hawezi kulazimishwa kurejesha mishahara aliyopokea wakati wa mafunzo. Mwaka 2004 mahakama hiyo hiyo ilisema makubaliano lazima yafanywe kabla ya mafunzo kuanza, yakitaja tarehe, aina ya mafunzo, muda wake na gharama halisi. Hukumu hizo hazifungi mahakama za Rwanda, lakini ni kipimo kizuri cha kuusomea mkataba. Karatasi inayoletwa isainiwe wakati mtu amekwisha kurudi kutoka masomoni inastahili kutiliwa shaka.

Umoja wa Ulaya umeweka mpaka mwingine katika agizo lake la mwaka 2019 kuhusu masharti ya kazi: mafunzo ambayo sheria inamtaka mwajiri ayatoe ili mtu aweze kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, yawe bure. Mantiki yake inaeleweka popote. Kumfundisha mfanyakazi kuzima moto ghalani si ufadhili.

Neno "kuondoka"

Penye ugomvi zaidi ni neno moja: kuondoka. Maneno "kwa sababu yoyote ile" yanamjumuisha aliyepunguzwa kazi, aliyeugua, na hata aliyeondoka kwa kuwa halipwi mshahara. Upo pia mtego ambao wengi hawauoni. Mtu ana mkataba wa mwaka mmoja, kisha anatia saini ahadi ya kutumikia miezi 24. Mkataba ukiisha na mwajiri asipouongeza, je, ameondoka mapema? Kifungu kikinyamaza, kila upande utakisoma upendavyo.

Kuandika kwamba mtu hatalipa akiachishwa "bila kosa" hakutoshi pia, kwa sababu kuchelewa asubuhi ni kosa. Afadhali kutumia "kosa zito", neno ambalo sheria ya kazi inalo, na ambalo orodha yake iliwekwa kwa amri ya waziri mwaka 2020.

Kwa mfano wetu, kifungu kinachosomeka kingeweza kuwa hivi:

"Kampuni itamlipia mfanyakazi mafunzo ya miezi mitatu Nairobi. Gharama ni faranga 2,400,000, kama zilivyoorodheshwa katika jedwali lililoambatishwa. Mshahara haumo. Mfanyakazi ataitumikia kampuni miezi 24, kuanzia siku inayofuata siku ya mwisho ya mafunzo. Akijiuzulu kwa hiari yake au akiachishwa kwa kosa zito kabla ya miezi hiyo kwisha, atarejesha faranga 100,000 kwa kila mwezi kamili uliobaki, ukihesabiwa kutoka siku yake ya mwisho kazini. Hatarejesha chochote akipunguzwa kazi, mkataba wake usipoongezwa, akishindwa kuendelea kwa sababu ya maradhi, au akiondoka kwa sababu mwajiri amevunja mkataba. Deni litalipwa kwa awamu sita za kila mwezi."

Fundi wetu angelipa faranga 150,000 kwa mwezi, kwa miezi sita. Bila sentensi ile ya mwisho, mwajiri angeweza kutaka fedha zote siku ya kuagana.

Mwajiri naye hapotezi. Jedwali lenye risiti humpa ushahidi akilazimika kudai, ilhali kiasi kikubwa kisicho na maelezo huonekana kama adhabu, na adhabu ni vigumu kuitetea mbele ya hakimu.

Pande mbili zikishindwa kuelewana, sheria inaweka njia yake. Mgogoro wa mfanyakazi mmoja huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi. Ukikwama hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi, ambaye kwa Kigali hupatikana katika wilaya za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge. Ukishindikana hapo, ndipo huenda mahakamani. Anayekwenda kwa mkaguzi achukue mkataba wa kazi, makubaliano ya mafunzo yenye tarehe ya saini, cheti au barua inayoonyesha mafunzo yalikwisha lini, na nakala ya notisi yake iliyopokelewa na mwajiri.