Barua kwa Kiongozi wa Timu Kuhusu Nafasi Tupu

Mtu asiyeandika programu anaweza kushangaa kwamba watu wazima, wenye kazi nyingi, huandikiana barua kuhusu nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Lakini kompyuta haioni utupu. Kila ukibonyeza kitufe cha nafasi, alama namba 32 huingia kwenye faili. Ukibonyeza Tab, huingia alama namba 9. Kwenye skrini mistari miwili inaweza kulingana kabisa, ilhali ndani ya faili ni tofauti.

Tuseme timu ina waandishi wa programu sita wanaotunza mfumo wa mauzo. Mmoja wao amegundua kosa katika hesabu ya kodi, akarekebisha mstari mmoja tu katika faili lenye mistari 412. Kihariri chake kimewekwa kigeuze kila Tab kuwa nafasi nne mara faili linapohifadhiwa, naye hana habari. Anapotuma kazi yake ikaguliwe, Git inaonyesha kwamba mistari 380 imefutwa na mingine 380 imeandikwa. Mkaguzi anatazama ukurasa mwekundu na kijani kuanzia juu hadi chini. Mstari wa kodi umo humo, mahali fulani.

Hapo ndipo barua kwa kiongozi wa timu inapozaliwa, na barua nzuri huanzia hapo hapo, kwenye tukio ambalo kiongozi mwenyewe anaweza kulihakiki. Mwandishi hana haja ya kumtaja mwenzake. Anaambatisha mabadiliko yale, kisha anaonyesha amri moja:

```
git diff -w
```

Amri hiyo huiambia Git ipuuze tofauti za nafasi tupu. Kiongozi akiiendesha, ukurasa wote unatoweka na kubaki mstari mmoja wa kodi. Hoja nyingine yoyote haitafanya kazi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu inaonyesha wazi ni kiasi gani cha ukaguzi kilikuwa kelele.

Kinachofuata ni pendekezo lenyewe, nalo linapaswa kuwa fupi: “Mkuu, habari za kazi. Naomba tuweke faili la `.editorconfig` kwenye folda kuu ya mradi, lihifadhiwe ndani ya Git pamoja na msimbo, ili kila kihariri kisome kanuni zilezile.” Faili lenyewe linaweza kuingia mwilini mwa barua, kwa kuwa ni dogo:

```
root = true

[*]
charset = utf-8
end_of_line = lf
indent_style = space
indent_size = 4
trim_trailing_whitespace = true

[*.md]
trim_trailing_whitespace = false

[Makefile]
indent_style = tab
```

Mstari wa kwanza unamaanisha utafutaji uishie hapa. Kihariri hupanda folda kwa folda kikitafuta mafaili ya jina hilo, na bila `root = true` kinaweza kuokota kanuni za mradi mwingine zilizoachwa folda za juu. Alama ya nyota ni kanuni ya mafaili yote. Sehemu mbili za mwisho ndizo zinazoonyesha kama mwandishi wa barua anaujua mradi wake.

Katika mafaili ya Markdown, nafasi mbili mwishoni mwa mstari zina maana: zinakata mstari. Kihariri kikizifagia, anwani iliyopangwa mistari mitatu inageuka mstari mmoja mrefu. Makefile nayo ina sharti gumu zaidi. Programu ya make, iliyotengenezwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, hutaka kila mstari wa amri uanze na Tab halisi. Ukiweka nafasi nne badala yake, kazi inasimama kwa ujumbe huu:

```
Makefile:2: *** missing separator.  Stop.
```

Ujumbe huo hautaji Tab wala nafasi, na mgeni anaweza kupoteza asubuhi nzima akitafuta kitu kisichoonekana.

Kuna pia suala la mwisho wa mstari. Linux humaliza mstari kwa alama moja, Windows kwa desturi hutumia mbili. Skripti iliyohifadhiwa kwa mtindo wa Windows ikifika kwenye seva ya Linux inaweza kukataa kuanza na kuonyesha `^M` baada ya `/bin/bash`. Kanuni ya `end_of_line = lf` inalizuia hilo kwenye kihariri, ingawa Git nayo ina mipangilio yake ya kugeuza mistari. Ndiyo maana timu yenye kompyuta za Windows huweka pia faili la `.gitattributes`, ili viwili hivyo visivutane.

Kiongozi makini atauliza: kwa nini tusifiche tu nafasi tupu wakati wa kukagua? Swali ni la haki, kwani amri ya `-w` tumeiona ikifanya kazi. Jibu ni kwamba kuficha kunamsaidia mkaguzi peke yake. Mwenzake aliyekuwa akihariri faili lilelile kwenye tawi lingine bado atapata mgongano wakati wa kuunganisha, kwa sababu mistari 380 imeguswa. Zaidi ya hapo, kuna lugha ambazo nafasi ni sehemu ya maana. Katika Python, mstari ukisogezwa ndani unaweza kuhamia kwenye sharti jingine kabisa, na mkaguzi aliyeficha nafasi tupu hatauona ukihama.

Sehemu ambayo barua nyingi huisahau ni ya mafaili ya zamani. Faili la kanuni haliendi kusafisha msimbo uliokwishaandikwa. Litaongoza kinachoandikwa kuanzia sasa, lakini kufagia nafasi za mwisho wa mstari hufanyika kwenye faili zima kila linapohifadhiwa. Matokeo yake, wiki ya kwanza kelele inaweza kuongezeka. Afadhali barua iombe siku moja ambayo kazi zote zilizo wazi zimekwisha kuunganishwa, mtu mmoja asafishe mafaili yote kwa mkupuo mmoja, bila kugusa kitu kingine chochote. Namba ya badiliko hilo huandikwa kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja anaendesha mara moja:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Tangu hapo, anayetafuta nani aliandika mstari fulani atampata mwandishi wa kweli badala ya msafishaji. Uwezo huu uliingia Git toleo la 2.23, mwaka 2019.

Mipaka nayo itajwe bila kuzunguka. Faili hili halipangi mabano wala halivunji mistari mirefu. Hiyo ni kazi ya programu za kupanga msimbo. Halimlazimishi mtu pia. Vihariri vya JetBrains hulisoma vyenyewe, lakini VS Code huhitaji kiendelezi, na asiyekiweka ataendelea kama zamani.

Uamuzi unaobaki kwa kiongozi ni Tab au nafasi. Wapo wanaotetea Tab kwa sababu nzito: mwenye uoni hafifu anaweza kuipanua au kuibana kwenye skrini yake bila kugusa faili. Ikiwa timu ina mtu wa namna hiyo, aulizwe kwanza kabla ya kanuni kuandikwa.

Faili likishaingia, jaribio ni rahisi. Kwenye Linux, fungua Makefile, ongeza mstari wa amri kwa kubonyeza Tab, hifadhi, kisha endesha `cat -A Makefile`. Mstari ukianza na `^I`, kanuni imefuatwa. Ukianza na nafasi tupu, kihariri hakijafuata kanuni, na huenda kiendelezi bado hakijawekwa kwenye kompyuta hiyo.