Simu Ikigoma Kugeuza Picha

Umefungua video ya mpira, umeilaza simu ubavu, picha imebaki wima, ndogo katikati ya weusi. Usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi ni kitufe tu kimezimwa, tena pengine kwa kidole kilichogusa bila mwenyewe kujua.

Kwenye Samsung, vuta kioo kutoka juu kwenda chini utafute alama ya Auto rotate. Ukikuta pameandikwa Portrait, simu imefungwa isigeuke, gusa hapo. Kwenye iPhone zisizo na kitufe cha Home, vuta kutoka kona ya juu kulia. Alama ya kufuli lililozungukwa na mshale ikiwa imewaka, kufuli limefungwa, liguse lizime.

Ukishafungua, jaribu kwa kivinjari au kwa picha zako, si kwa ukurasa wa mwanzo wa simu. Ukurasa huo kwenye iPhone nyingi haugeuki kabisa, na kwenye Samsung una ruhusa yake peke yake katika mipangilio. Zipo pia programu, zikiwemo nyingi za benki, ambazo waliozitengeneza wameamua zikae wima tu. Programu moja ikigoma na nyingine zikageuka, simu yako ni nzima.

Na jaribu ukiwa umeisimamisha. Ndani yake mna kihisi kinachopima mvuto wa dunia kwa pande tatu: x ni upana wa simu, y ni urefu wake, z ni kutoka mgongoni hadi kiooni. Simu ikilala chali mezani, mvuto wote unaangukia z, kwa hiyo haina njia ya kujua upande upi ndio juu.

Bado imegoma? Izime uiwashe, kisha kiangalie kihisi chenyewe. Ziko programu za bure za Android zinazoonyesha namba hizo tatu. Isimamishe wima: y iwe karibu na 9.8. Ilaze kwa ubavu wa kushoto: sasa x ndiyo ifike 9.8, na kwa ubavu wa kulia iwe −9.8. Namba zikifuata mkono wako hivyo lakini kioo kikabaki palepale, kihisi kizima, tatizo liko kwenye programu. Iwashe simu katika Safe mode. Ikigeuka humo, ondoa programu ulizoweka karibuni, moja baada ya nyingine.

Ukiilaza chali kwenye meza iliyonyooka, x na y zikaribie sifuri. Zikipotoka sana, kihisi kinahitaji kusawazishwa. Baadhi ya simu zina sehemu ya kazi hiyo kwenye mipangilio: iache mezani, usiiguse mpaka imalize. Kuzungusha simu hewani kwa umbo la nane, kama wengi wanavyoshauriana, hurekebisha dira ya ramani, si kihisi hiki.

Namba zikiganda hata ukiitikisa simu, na kuizima na kuiwasha kusisaidie, hapo ndipo umpelekee fundi, hasa kama iliwahi kuanguka au kuingia maji.