Oda Moja Iliyochelewa

Muulize mwenye duka la vipuri mzigo wake huchukua siku ngapi kufika, atakujibu, "Kama wiki hivi." Jibu hilo ni la kweli kwa oda nyingi. Ila rafu haiishiwi kwa sababu ya oda hizo. Huishiwa na ile moja iliyochukua wiki mbili, na hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa.

Tuseme duka liko Ifakara na huuza chupa 20 za oili ya pikipiki kila siku. Mzigo hutoka kwa muuzaji wa jumla Kariakoo. Akishapokea oda, muuzaji husubiri pesa, kisha husubiri lori lenye nafasi. Mwenye duka amefungua daftari la oda na fungu la hati za kupokelea mzigo, akaandika tarehe ya kuagiza safu A, tarehe ya kupokea safu B, na tofauti yake safu C. Oda kumi za mwisho zimempa siku hizi: 6, 7, 7, 8, 6, 7, 9, 7, 15, 8.

Kwenye Excel anahitaji mistari mitatu tu:

```
=B2-A2
=AVERAGE(C2:C11)
=STDEV.S(C2:C11)
```

Wa kwanza hutoa siku za kusubiri kwa kila oda. Wa pili hutoa wastani, hapa siku 8. Wa tatu hutoa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi siku hizo zinavyotawanyika kuuzunguka wastani: hapa ni siku 2.6.

Akiagiza rafu inapobaki na chupa 160, za siku 8, ameagiza kwa kutegemea wastani, na mzigo ukichelewa hata siku moja wateja watakuta rafu tupu. Kwa hiyo anahitaji akiba ya tahadhari. Hesabu yake ni mauzo ya siku, mara mkengeuko, mara namba ya usalama. Anayetaka mzigo uwahi kabla ya rafu kuisha katika oda kama 95 kati ya 100 hutumia 1.65. Basi 20 × 2.62 × 1.65 ni chupa 87 hivi. Ataagiza zikibaki 247. Hesabu hii inachukulia mauzo ya kila siku hayabadiliki sana. Yakiyumba, akiba iongezwe.

Wengi huishia hapo, wakanunua chupa 87 za ziada. Lakini tazama tena safu ile. Oda tisa zimo kati ya siku 6 na 9. Moja peke yake imefika 15. Kabla ya kutumia namba hiyo, itafutwe hati yake. Katika mfano wetu, risiti ya benki inaonyesha kwamba duka lenyewe lilichelewa siku 7 kulipa. Tangu pesa ilipoingia, mzigo ulifika kwa siku 8 kama kawaida. Weka 8 mahali pa 15: wastani unashuka hadi 7.3, mkengeuko unakuwa chini kidogo ya siku moja, na akiba inakuwa chupa 31. Chupa 56 zilikuwa zinanunuliwa ili kufunika uchelewaji wa mwenye duka mwenyewe. Lakini ana haki ya kuzipunguza tu ikiwa kweli ataanza kulipa siku ileile anayoagiza. Asipobadilika, 15 ibaki.

Sababu ingekuwa nyingine, uamuzi ungekuwa mwingine. Kama mzigo ulikuja vipandevipande, tarehe ya kuandika ni ya siku kilipofika kiasi cha kutosha kuendelea kuuza, wala si ya katoni ya kwanza. Kama ni mvua za masika zilizoharibu barabara, siku hizo hazifutwi: miezi hiyo ihesabiwe peke yake na iwe na akiba yake. Oda iliyoletwa haraka kwa basi kwa sababu rafu ilikuwa tupu isichanganywe na za lori, maana itapunguza wastani bila haki. Na oda ambayo hadi leo haijafika isisahaulike. Haina tarehe ya kupokea, kwa hiyo hesabu haiioni, na huenda ndiyo mbaya kuliko zote.

Kuna mpaka mwingine. Namba 1.65 inachukulia kuwahi na kuchelewa vinalingana. Mzigo hauwezi kuwahi siku 7 kama unavyoweza kuchelewa siku 7. Katika mfano wetu, kiwango cha chupa 247 kinatosha siku 12 tu; oda ya siku 15 ingeliacha duka tupu kwa siku karibu tatu. Tena oda kumi ni chache: ukiongeza moja mbaya, jibu lote linaruka. Hesabu irudiwe kila oda mpya chache zinapoingia.

Kwenye daftari, basi, kati ya tarehe ya kuagiza na ya kupokea, iongezwe safu ya tarehe ya kulipa. Hiyo ndiyo itakayoonyesha ni nani aliyemchelewesha mwenzake.