Kadi imekataa kugusa na pesa iko kwa akaunti? Usirudie, ichomeke

Uko kwa foleni ya supamaketi mjini Kisii. Unagusisha kadi kwa mashine, inalia, halafu inakataa. Unagusa tena, inakataa. Mara ya tatu watu walio nyuma yako wanaanza kukohoa, na keshia anakuambia kwa upole kwamba labda akaunti haina kitu. Ukiangalia salio kwa simu, pesa zote ziko pale pale.

Wateja wengi wa Kisii na Nyamira hutuuliza kuhusu jambo hili, na wengi huwa tayari wameamua kwamba kadi imekufa. Wengine huacha vitu kwa kaunta na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mara nyingi kadi ni nzima. Inachotaka ni uthibitisho kwamba bado iko mkononi mwa mwenyewe, na kugusa hakuwezi kutoa uthibitisho huo hata ukirudia mara kumi.

Kwa nini kadi huhesabu miguso yako

Ukilipa dukani kwa M-PESA, unaweka PIN kila mara, iwe unalipa shilingi 50 au 5,000. Kadi ya kugusa haiko hivyo. Kwa malipo madogo haiulizi PIN, na ndiyo sababu ni ya haraka. Lakini hiyo inamaanisha pia kwamba mtu akiiokota kadi yako kwa steji ya Keroka anaweza kuigusisha dukani, na mashine haitajua kwamba si wewe.

Kwa hivyo benki huweka mipaka miwili. Wa kwanza ni wa mguso mmoja: malipo yakizidi kiasi fulani, PIN lazima iulizwe. Wa pili wengi hawaujui. Benki huhesabu miguso yote uliyofanya bila PIN tangu mara ya mwisho ulipoiweka. Kuna benki zinazohesabu idadi ya miguso, nyingine hujumlisha pesa, nyingine hufanya yote mawili. Hesabu ikifika mwisho, mguso unaofuata hukataliwa hata kama ni wa maziwa ya shilingi 60.

Ulaya mipaka hii imeandikwa kwenye kanuni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 14 Septemba 2019 zinasema mguso mmoja bila PIN usizidi yuro 50, na baada ya hapo benki ihesabu ama jumla isiyozidi yuro 150 ama miguso isiyozidi 5 mfululizo. Hapa kwetu, uliza benki iliyokupa kadi imeweka kiasi gani. Ndiyo maana kadi yako na ya jirani yako zinaweza kutenda tofauti kwa mashine moja.

Mfano wa wiki moja

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira. Tuseme benki yake imeruhusu mguso mmoja usiozidi shilingi 5,000, na jumla ya miguso bila PIN isizidi shilingi 10,000. Hizi ni namba za mfano tu, za benki yako zinaweza kuwa tofauti.

Jumatatu anatoa pesa kwa ATM mjini Kisii. Amechomeka kadi na kuweka PIN, kwa hivyo hesabu yake inaanza sifuri.

Jumatano anagusa shilingi 2,400 kwa supamaketi. Alhamisi anagusa 1,500 za mafuta. Ijumaa anagusa 1,850 kwa duka la dawa Nyamira mjini. Jumamosi anagusa 3,100 za bidhaa za duka. Hakuna mahali alipoulizwa PIN, na jumla sasa ni shilingi 8,850.

Jumatatu inayofuata anataka kulipa 1,600. Ukijumlisha na zile 8,850 unapata 10,450, na hapo amevuka mpaka. Mashine inakataa. Kwa akaunti ana zaidi ya shilingi 20,000, na 1,600 ni kidogo kuliko alizogusa Jumamosi. Anagusa mara mbili zaidi, inakataa. Anaondoka.

Njiani anapita duka lingine, anagusa shilingi 900, na inakubali! Sasa ana uhakika kwamba ile mashine ya kwanza ndiyo mbovu. Lakini fanya hesabu: 8,850 na 900 ni 9,750, bado chini ya 10,000. Mashine zote mbili zilikuwa sawa. Miguso mitatu iliyokataliwa haikuongezwa kwa jumla kwa sababu hakuna pesa iliyotoka. Na jioni, akijaribu kugusa shilingi 300, atakataliwa tena, kwa kuwa jumla itakuwa 10,050.

Ukiona kadi inakataa hapa, inakubali pale, halafu inakataa tena kiasi kidogo zaidi, shuku hesabu ya miguso kabla ya kulaumu mashine.

Kwa nini kuchomeka kunasaidia na kugusa tena hakusaidii

Ndani ya kadi kuna chipu, ile sehemu ndogo ya rangi ya dhahabu au fedha. Ukigusa, chipu huongea na mashine kwa muda mfupi sana, kisha wewe unaondoa kadi. Mashine ndipo inapiga simu benki, kama tunavyoweza kusema, kuuliza kama malipo yakubaliwe. Jibu likirudi, kadi tayari iko mkononi mwako au mfukoni. Hakuna njia ya benki kuifikishia chipu ujumbe wa kuanza hesabu upya.

Ukichomeka kadi, inabaki ndani ya mashine mpaka mwisho. Unaweka PIN, benki inathibitisha ni wewe, jibu linarudi, na chipu bado iko pale kulipokea. Hesabu inarudi sifuri. Kuna benki ambazo hesabu huiweka kwa mitambo yao badala ya kwenye chipu. Hata hapo PIN yako ndiyo inayofungua, kwa hivyo dawa ni ile ile.

Jambo moja la kuangalia: mashine lazima iwe na mtandao. Kwa maduka ya sehemu za vilima ambako mtandao unakatika, unaweza kuchomeka na kuweka PIN lakini mashine ishindwe kufikia benki. Malipo hayatapita na hesabu haitaanza upya. Subiri mtandao urudi au nenda kwa ATM, utoe pesa kidogo kwa PIN, kisha endelea kugusa kama kawaida.

Kwa sababu hiyo hiyo, kadi nyingi mpya hukataa mguso wa kwanza kabisa. Benki hutaka malipo ya kwanza yawe ya kuchomeka na PIN, ili ijue kadi imefika kwa mwenyewe.

Soma mashine inasema nini

Kabla ya kujaribu tena, mwombe keshia akuonyeshe kioo cha mashine. Maneno huja kwa Kiingereza, na kila moja lina maana yake.

Ukiona `ENTER PIN` baada ya kugusa, mguso umesomwa lakini kiasi kimezidi mpaka wa mguso mmoja. Weka PIN hapo hapo, na mara nyingi huhitaji kuchomeka.

Ukiona `INSERT CARD` au `USE CHIP`, benki au mashine inataka kadi ichomekwe. Hii ndiyo ishara ya kawaida ya hesabu kujaa. Usiguse tena.

Ukiona `DECLINED` peke yake, uliza kama risiti ina namba ya jibu. Namba `51` inamaanisha pesa hazitoshi. `55` ni PIN isiyo sahihi. `65` ni idadi au mpaka umevukwa, kwa hivyo chomeka. `91` inamaanisha benki haipatikani kwa sasa, na hiyo haina uhusiano na kadi yako.

Kama mashine haikulia kabisa, kadi haikusomwa. Angalia kama umegusisha pochi yenye kadi mbili, maana zinaweza kuchanganya mashine. Toa moja na uishike juu ya alama ya mawimbi mpaka ilie.

PIN gani?

Hapa ndipo wateja wengi wanapata shida kubwa zaidi ya ile waliyokuja nayo. PIN ya kadi si PIN ya M-PESA. Zote zinaweza kuwa na tarakimu 4, na kama umezoea kugusa kwa miezi, PIN ya kadi inaweza kuwa imekutoka kichwani. Mtu anachomeka, anaweka ile ya M-PESA, inakataa, anarudia. Kadi nyingi hufunga PIN baada ya makosa 3. Kuanzia hapo shida si hesabu ya miguso tena, na itabidi benki ikufungulie au ikupe PIN mpya.

Ukikosea mara mbili, simama hapo. Lipa kwa njia nyingine, kisha wasiliana na benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Usimtajie keshia PIN akuwekee, hata foleni ikiwa ndefu namna gani. Mashine huletwa kwako, wewe ndiye unayebonyeza, na mkono mwingine unafunika. Na mtu akikupigia simu kusema hesabu ya miguso yako imejaa, umtumie PIN aifungue, huyo ni mwizi. Hesabu hiyo hufunguliwa kwa mashine ya kadi au ATM, haifunguliwi kwa simu.

Ikiwa SMS inasema pesa zimetoka

Mara chache mashine huonyesha kwamba imekataa, na dakika hiyo hiyo unapata SMS ya kukatwa. Soma SMS kabla ya kulipa mara ya pili. Kama pesa zimekatwa, omba risiti ya mguso uliokataliwa, hata ikiwa imeandikwa `DECLINED`, na uipige picha. Saa, kiasi na namba iliyo kwenye risiti ndivyo benki itatumia kutafuta malipo hayo na kukurudishia. Bila risiti, anza na SMS yenyewe na jina la duka.

Ukitaka kuepuka haya yote, jizoeze kuchomeka na kuweka PIN mara moja kwa wiki, mahali pasipo na haraka. Kwa yule mama wa Keroka, angetumia PIN Ijumaa pale duka la dawa, ile Jumatatu angegusa shilingi 1,600 na kuondoka na vitu vyake.